Arifa ya Kweli, Mtumaji wa Uongo

Faili kubwa siku hizi haifiki ndani ya barua pepe. Gmail haitumi viambatisho vinavyozidi megabaiti 25. Vikizidi, huviweka kwenye Google Drive na mpokeaji hupata kiungo tu. Kwa hiyo michoro ya zabuni au picha za ujenzi zinazotumwa kwa ofisi ya Palma au Mocímboa da Praia huja kama arifa: fulani amekushirikisha faili, bonyeza hapa. Watu wengi wamefundishwa kuuliza swali moja tu, kama arifa hiyo imetoka kweli Google au WeTransfer. Swali hilo ni la lazima, ila halitoshi. Kampuni inayohifadhi faili inathibitisha kwamba imebeba mzigo; haimdhamini aliyeupakia. Tapeli naye anaweza kufungua akaunti, akapakia faili, na mtambo wenyewe ukakupelekea arifa halali kabisa kutoka anwani halali.

Ushahidi mkubwa ni tukio la tarehe 3 Mei 2017. Watumiaji wa Gmail walipokea mwaliko wa kufungua hati ya Google Docs, mara nyingi kutoka kwa mtu wanayemfahamu. Waliobonyeza walifika kwenye ukurasa halisi wa Google, kwenye `accounts.google.com`, nao ukawauliza kama wanairuhusu programu iitwayo Google Docs isome barua zao na kuona orodha ya anwani zao. Programu hiyo ilikuwa ya wadanganyifu, waliojipachikia jina hilo tu. Aliyekubali, mwaliko uleule uliwafikia watu wake. Google iliizima ndani ya muda wa saa moja hivi. Aliyekagua anwani ya ukurasa peke yake angeridhika, kwa sababu anwani haikuwa na kasoro. Dalili ilikuwa kwingine: sehemu ya mpokeaji ilionyesha anwani ya ajabu yenye herufi h nyingi mfululizo, na hati ya kusomwa tu haina sababu ya kuomba ruhusa juu ya sanduku lako la barua.

Tuchukue mfano wa karani wa Palma anayepata arifa ya WeTransfer siku ya Ijumaa: faili mbili, gigabaiti 2, mwisho Jumatatu. Kwanza asome kiungo bila kukibonyeza. Kwenye simu, akikishikilia kidole anwani kamili hutokea. Kinachohesabika ni jina lililo mwishoni kabisa kabla ya mkwaju wa kwanza baada ya `https://`. `wetransfer.com/downloads/` ni yao. `wetransfer.com.faili.example/` ni ya mwenye `faili.example`, hata likitanguliwa na jina kubwa namna gani. Kama arifa ni ya Drive, hana haja ya kukigusa kiungo: aandike mwenyewe `drive.google.com`, aangalie `Shared with me`, au `Partilhados comigo` kwa wanaotumia Kireno. Isipokuwepo pale, asiendelee. Ikiwepo, bado hajamaliza, maana utapeli huweza kukaa ndani ya hati yenyewe, kama kiungo cha pili kinachodai nenosiri la barua pepe. Hatua ya mwisho ni kumpigia mtumaji kwa namba aliyokuwa nayo tangu awali, si ile iliyoandikwa kwenye barua, amuulize jina la faili na ukubwa wake.

Atakayepinga atasema: mtandao wa huku hukatika, bando ni ghali, na nikisubiri majibu kiungo kitakufa. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa viungo vya bure vya WeTransfer huishi siku chache tu. Ila muda hutegemea huduma iliyotumika. Faili zinazotumwa kwa Mail Drop ya Apple hukaa siku 30, na faili ya Drive haina mwisho mpaka mwenyewe aifute au aiwekee tarehe. Kwa hiyo arifa ya Drive inayotisha kwamba hati itafutwa baada ya saa 24 inastahili kutiliwa shaka kwa hilo tu. Na kiungo cha kweli kikiisha, hasara yake ni mtumaji kupakia tena. Ujumbe mfupi wa simu unatosha kumwomba. Nenosiri likiibwa, barua zote za ofisi zinakwenda nalo. Na mtumaji asiyejulikana kabisa, kama mtangaza zabuni? Tafuta namba ya ofisi yake kwenye tangazo lililochapishwa, si kwenye arifa.

Ikiwa umeshaipa programu ya kigeni ruhusa, usitegemee kubadilisha nenosiri peke yake. Ingia `myaccount.google.com`, tafuta orodha ya programu za nje zilizounganishwa na akaunti yako, uondoe usiyoitambua, kisha uwaarifu walio kwenye orodha yako ya anwani wasibonyeze kitu chochote kilichotoka kwako siku hiyo.