Maji Yanayotoka Mguuni mwa Tuta

Mwezi wa tisa, nchi ya Dodoma ikiwa imekauka hadi rangi ya kahawia, mguuni mwa tuta la lambo mara nyingi huonekana kipande cha nyasi mbichi. Wapo wanaokiona wakasema lambo limeharibika, na wapo wanaopita bila kukijali. Wote wamefanya haraka. Tuta la udongo hupitisha maji hata likishindiliwa vizuri namna gani, kwa sababu baina ya punje na punje pana nafasi. La kujua ni kwamba maji hayo yalipaswa kuwa kiasi gani na kutokea wapi. Hayo mawili unaweza kuyachora kwa penseli.

Msingi wake uliwekwa mwaka 1856 na Henry Darcy, mhandisi wa Dijon, Ufaransa, aliyepitisha maji katika safu za mchanga na kupima yaliyotoka. Aliona kwamba maji huongezeka kadiri kimo kinachoyasukuma kinavyoongezeka, na hupungua kadiri njia inavyorefuka. Baadaye Philipp Forchheimer wa Austria alionyesha jinsi ya kuligeuza jambo hilo kuwa mchoro, na mwaka 1937 Arthur Casagrande akaeleza kwa kina namna ya kuutumia kwenye matuta ya udongo. Mchoro wenyewe unafanana na wavu wa mvuvi, nami nitauita wavu wa mtiririko.

Tuchukue lambo la mfano. Tuta lina kimo cha mita 7.5 na upana wa mita 3 juu. Upande wa maji linalala kwa mita 3 kwa kila mita 1 ya kimo, upande wa nyuma kwa mita 2.5. Maji yana kina cha mita 6, na chini kuna mwamba usiopitisha maji. Lichore kama lililokatwa kwa kisu, kwa vipimo vilevile kulala na kusimama.

Kwanza tafuta mpaka wa juu wa unyevu ndani ya tuta. Mstari huu unaanzia uso wa maji unapogusa tuta, unashuka kwa mkunjo, kisha unachomoza kwenye mteremko wa nyuma. Kwa mkunjo wa Casagrande, katika lambo letu unachomoza mita 1.5 juu ya mguu. Chini ya mstari huo chora njia za maji kutoka mbele kwenda nyuma, kisha uzikate kwa mistari ya kimo sawa. Kila vinapokutana viwe na pembe mraba, na kila kijumba kiwe karibu na mraba, hata kama pande zake zimepinda: duara liweze kukaa ndani likigusa pande zote nne. Utafuta mara nyingi. Ni kazi ya kifutio kuliko ya penseli, na anayeona aibu kufuta atapata wavu mbaya.

Kuna njia nzuri ya kujihakiki. Ukiwa umepata ngazi 20 za kushuka, kila moja inachukua mita 0.3 ya zile mita 6. Basi mistari ya kimo sawa lazima iukate mpaka wa unyevu kila unaposhuka mita 0.3. Ngazi 15 zinaishia humo ndani, na 5 zilizobaki zinaangukia kwenye ile mita 1.5 ya mteremko ulio wazi. Isipokuwa hivyo, rudi kwenye kifutio.

Wavu wetu una mikondo 2 na ngazi 20. Hesabu yake ni hii:

```
q = k × H × Nf / Nd
```

Hapa H ni mita 6, Nf ni mikondo, Nd ni ngazi, na k ni wepesi wa udongo kupitisha maji. Kwa udongo wenye k ya mita 0.000001 kwa sekunde, jibu ni kama lita 52 kwa siku kwa kila mita ya urefu wa tuta, yaani madebe mawili na nusu. Tuta la mita 100 haliwezi kufika mara mia ya hapo, maana pembeni kimo hupungua, lakini lita 5,200 kwa siku ni kikomo cha kuanzia.

Udhaifu wa hesabu hii hauko kwenye mchoro. Ukikosea mkondo mmoja umekosea kwa nusu. Ukikosea k, unaweza kukosea mara kumi, na udongo uleule ukishindiliwa ukiwa mkavu huweza kukupa kosa hilo. Tena tuta hujengwa kwa matabaka, kwa hiyo maji hupita kwa urahisi zaidi kulala kuliko kushuka, na unyevu huchomoza juu zaidi ya ulivyochora.

Sasa tazama pale maji yanapochomoza. Kijumba cha hapo kina urefu wa mita 0.8 hivi, kushuka kwa mita 0.3 katika urefu huo ni mvuto wa karibu 0.37. Karl Terzaghi alionyesha kwamba maji yanayopanda wima katika mchanga huunyanyua mvuto ukikaribia 1. Lakini kwenye mteremko udongo tayari unavutwa chini na uzito wake, basi 0.37 inatosha kuuporomosha mchanga usioshikana. Ndiyo maana mguuni huwekwa kichujio: mchanga safi, kisha kokoto, uliochaguliwa ili maji yapite na punje za tuta zibaki. Huvuta mstari wa unyevu ndani, nyuma ukabaki mkavu.

Lisilo na kichujio huanza kuliwa. Maji hutoa punje kwenye tundu la kutokea, njia inafupika, mvuto unaongezeka, na tundu linarudi nyuma kuelekea bwawani kama chuguu linalochimbwa kinyume. Mfinyanzi wa juu husimama kama dari, kwa hiyo mtu aliye juu ya tuta haoni kitu. Na hapa wavu unafika mwisho wa uwezo wake: unadhani udongo ni wa namna moja. Hauoni mzizi uliooza, shimo la mchwa, wala ule uwazi mwembamba unaobaki kando ya bomba la kutolea maji lisiposhindiliwa vizuri.

Bwawa la Teton huko Idaho, Marekani, lilikuwa na kimo cha mita 93 hivi na lilikuwa linajazwa mara ya kwanza mwaka 1976. Kiini chake kilikuwa cha udongo laini ulioletwa na upepo, unaomomonyoka upesi, nao uligusana na mwamba wenye nyufa bila kichujio cha kutosha. Juni 3 zilionekana chemchemi ndogo za maji safi chini ya bwawa. Asubuhi ya Juni 5 maji yaliyotoka upande wa kulia yalikuwa ya tope. Tingatinga mbili zilizopelekwa kuziba tundu zilimezwa. Ilipofika saa tano asubuhi kizingia kilionekana kwenye maji ya bwawani, na kabla ya saa sita mchana kupiga tuta lilikatika. Watu 11 walikufa.

Kwa hiyo rangi ina uzito kuliko wingi. Maji safi yanayofuata kina cha bwawa, yakipanda na kushuka nalo, ndiyo yale ya mchoro. Yakiongezeka ilhali kina hakijabadilika, au yakiwa na tope, au mguuni pakaota vichuguu vya mchanga vinavyobubujika, kitu kinahama ndani. Usiyazibe kwa mfinyanzi kutoka nyuma, maana shinikizo litapanda na maji yatafute tundu jingine. Punguza maji ya bwawa, juu ya tundu mwaga mchanga wa kuchuja kisha kokoto na mawe, na wanaoishi chini wahame mapema. Kikionekana kizingia, acha kila kitu ukimbie.

Udongo wa kujengea nao hupimwa mapema. Weka donge dogo la udongo wenye unyevunyevu wake ndani ya glasi ya maji yaliyotoneshwa, usitikise. Likitoa wingu la tope linalotambaa chini ya glasi katika dakika kumi, udongo huo hutawanyika wenyewe majini, na hautaki mwendo wa maji ili kuliwa.

Baada ya hapo ni kazi ya wiki kwa wiki. Maji yote ya mguuni yaelekezwe kwenye mfereji mmoja wenye kizuizi chenye pengo la V, yapimwe kwa ndoo na saa, na mlinzi wa lambo aandike kiasi, kina cha bwawa na mvua iliyonyesha. Chupa moja ya maji hayo iwekwe dirishani na tarehe yake. Asubuhi ya pili hutazamwa chini yake kama kuna vumbi lililotua.