Mwalimu wa Chekechea Hufundwa Darasani

Mzazi anayetafuta chekechea huuliza ada, huuliza uji, na akiwa makini huuliza kama mwalimu ana cheti. Si swali baya, ila jibu lake halimwelezi mengi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walikusanya takwimu za tafiti saba kubwa za madarasa ya watoto wa miaka minne, wakatazama kama mwalimu mwenye shahada ana darasa bora kuliko asiye nayo. Uhusiano waliotegemea kuuona haukujitokeza kwa uthabiti: hapa ulikuwepo, pale haukuwepo, kwingine ulikwenda kinyume.

Je, mafunzo ni kazi bure? La. Kwa jibu hatuhitaji kwenda mbali na Mombasa. Katika miaka ya 1980 wazazi wengi wa Kiislamu wa Pwani walitaka watoto wao waingie darasa la kwanza wakiwa tayari, bila kupoteza mafunzo ya chuoni. Mwalimu mmoja wa huko, Bi Swafiya Said, aliongoza kazi ya kuanzisha chekechea za madrasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Walimu walikuwa wanawake wa mtaa au kijiji kilekile, na wengi wao hawakuwa na elimu kubwa ya shule. Kwa vigezo vya leo baadhi yao wasingepokelewa katika chuo cha ualimu. Walianza na mafunzo mafupi kituoni, kisha wakarudi kwa watoto, na mkufunzi akawafuata hukohuko. Alikaa pembeni akitazama, mara nyingine akashika kipindi yeye mwenyewe ili mwalimu aone, na watoto wakishaondoka wawili hao wakazungumza. Akaja tena, na tena, kwa takriban miaka miwili. Kwangu mimi, siri yote ya mpango ule imo katika ziara hizo.

Chukua kona ya duka, yenye vifuu vya nazi, makopo matupu na vizibo vya soda. Mwalimu aliyesoma nadharia tu anajua kona hiyo inatakiwa, kwa hiyo ataipanga vizuri, kisha atarudi ubaoni kuwaitikisha watoto a, e, i, o, u. Mwenzake aliyefuatiliwa atachutama kando ya muuzaji na kuuliza, "Maandazi mangapi yamebaki?" Mtoto atahesabu vizibo, atakosea, atarudia. Ugumu uko katika kunyamaza wakati mtoto anarudia. Mwalimu mpya huuliza na kujijibu mwenyewe bila kujua kuwa anajijibu, na hakuna mtihani wa chuo utakaomwonyesha kosa hilo. Anayeliona ni mtu aliyekaa naye chumbani.

Ubora wa darasa la namna hii hupimika. Kuna kipimo kinachotumika nchi nyingi: mtazamaji hukaa darasani saa kadhaa, akatoa alama kati ya 1 na 7 kwa mambo kama vifaa vinavyofikiwa na watoto, usafi wa mikono, mazungumzo, na muda ambao watoto hukaa wakingoja bila la kufanya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha chekechea za madrasa na chekechea nyingine katika Kenya, Zanzibar na Uganda. Madarasa ya madrasa yalipata alama za juu zaidi. Watoto waliosoma chekechea, ya aina yoyote, walipiga hatua kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa madrasa wakawazidi wenzao. Watoto hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo haiwezekani kusema tofauti yote ilitokana na mafunzo. Lakini walipimwa mwanzoni na baadaye, na hilo linaupa ushahidi uzito.

Serikali ya Kenya nayo iliwahi kufuata wazo la jirani na hilo. Kuanzia miaka ya 1980 walimu wa chekechea walifundisha muhula mzima, wakaingia mafunzoni wakati wa likizo, kwa miaka miwili. Kipindi cha likizo ni rahisi kukipanga. Ziara za darasani ndizo huwa za kwanza kukatwa fedha zinapopungua, kwa sababu zinataka nauli, na ofisa mmoja ana shule nyingi.

Kisha kuna mshahara. Chekechea ya jamii humlipa mwalimu kutokana na ada za wazazi, na msimu wa uvuvi ukiwa mbaya au mavuno yakikosekana, ada hazilipwi. Mwalimu aliyekwisha kuiva huhamia shule binafsi ya mjini au huacha kazi akauza vitenge. Kamati ya shule humtafuta binti mwingine wa kijijini, na mkufunzi, kama bado yupo, huanza naye ziara ya kwanza.