Fuvu Linalocheka Kwenye Kundi la Familia

Chukua mfano huu. Shangazi ameandika kwenye kundi la familia kwamba kikao cha harusi kimepitisha mchango wa shilingi laki mbili kwa kila nyumba. Dakika chache baadaye mtoto wa kaka yake, kijana wa chuo, anajibu: "Laki mbili tu? Mbona ndogo sana 💀💀". Binamu zake wanacheka. Shangazi ananyamaza. Baba mkubwa anaweka 👍, na jioni mama wa kijana anapigiwa simu na kuulizwa mwanawe ameanza lini dharau.

Kijana alikuwa analia hali. Alitaka kusema kwamba laki mbili ni mzigo kwa nyumba yao, na fuvu kwa watu wa rika lake ni mtu aliyekufa kwa kicheko. Shangazi ameona kikao kikibezwa, tena kwa mafuvu chini ya habari ya harusi. Kundi hilo ndilo linalotangaza misiba ya ukoo. Kwa mtu anayelifungua asubuhi akihofia taarifa ya mgonjwa, fuvu haliwezi kuwa kicheko. Hata kile kikatuni kinachobubujika machozi, 😭, ambacho vijana hukitumia kwa kuchekea, kwake ni kilio cha kweli.

Wapo wanaosema wazee hawaelewi kejeli. Hilo si kweli. Mama aliyezoea kuchagua khanga ili jirani apate ujumbe bila kutajwa jina anayajua mafumbo kuliko sisi sote. Tena huyatafuta, na ndiyo maana hukiona kijembe hata pale ambapo hakikuwepo. Kinachomkosesha ni kwamba utani wetu una wenyewe. Babu na mjukuu hutaniana, mashemeji hutaniana, Mzaramo na Mnyamwezi hutaniana mpaka msibani. Lakini kwa familia nyingi shangazi huheshimiwa kama baba, na hataniwi na mtoto wa kaka yake. Barazani kijana angewageukia binamu zake na kuwanong'oneza. Kwenye kundi hakuna pa kugeukia: maneno ya binamu yanasomwa na shangazi, baba mkubwa na mkwe kwa pamoja.

Sauti nayo haipo. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha majaribio ambayo watu walituma sentensi za kejeli na za kawaida kwa barua pepe. Waandishi waliamini wangeeleweka karibu mara 78 kati ya 100, lakini wasomaji walipatia mara 56 hivi, ambayo inakaribia kubahatisha. Sababu ni kwamba anayeandika husikia sauti yake mwenyewe kichwani, kisha hudhani imesafiri pamoja na herufi.

Alama ziliingia ili kuziba pengo hilo. Mwaka 1982 Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipendekeza :-) iwekwe kwenye ujumbe wa mzaha, kwa kuwa wenzake walikuwa wakiugeuza mzaha kuwa ugomvi. Alama yake ilifaa kwa sababu waliielewana. Emoji za leo kila rika limejifunzia kwake. Mzee akiweka 👍 amesema "nimepokea", naye kijana anahisi amekatwa kauli. Mama akimaliza salamu kwa 🙂 anatabasamu kweli, naye binti anauliza amekosea nini.

Njia ya kwanza ni kuandika jambo lenyewe kwa maneno, kisha emoji ifuate. Kijana angeandika: "Shikamoo shangazi. Nimeona tangazo. Kwetu laki mbili ni nzito mwezi huu, naomba tutoe kwa awamu mbili 😂". Mtu akiifuta emoji ile, ujumbe unabaki ulivyo. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini: kama maana inabadilika emoji ikiondolewa, sentensi haijakamilika.

Kejeli kuhusu fedha, ugonjwa na msiba isiingie kabisa kwenye kundi la wakubwa. Binamu wana kundi lao. Utani ukiwa wa babu, mtaje, "Babu, hapa nakutania", au tuma ujumbe wa sauti asikie unavyocheka.

Kuna pia ajali ya mpangilio, na sijui kwa nini haizungumzwi. Unachekea picha ya mtoto, mtandao unakwama, na 😂 yako inafika chini ya taarifa kwamba bibi amelazwa. Ukijibu, telezesha kidole kulia juu ya ujumbe unaoujibu ili unukuliwe juu ya jibu lako. Hapo hata likichelewa, kila mtu anaona ulichokuwa ukikichekea.

Kama limeshaharibika, usikimbilie kufuta. WhatsApp huacha alama kwamba ujumbe umefutwa, na waliokwisha kuusoma watawasimulia wasiousoma, kila mmoja kwa namna yake. Ndani ya dakika 15 unaweza kuuhariri na kuongeza ulichomaanisha. Zikipita, mpigie shangazi simu kabla hajampigia mama yako, kisha uandike sentensi moja kundini, kwa kuwa waliosoma ni wengi.