Barua tatu kabla ya nyundo: Nyumba ya mzee ikiwekwa rehani, inauzwaje?

Barua ya kwanza huwa haitishi. Inakuja kwa posta ya rejista, mzee anaiweka juu ya kabati, na maisha yanaendelea. Kumbe hiyo ndiyo barua ya bei rahisi kuliko zote zitakazofuata.

Tuchukue mfano. Kijana wa Migosi, Kisumu, anataka vizimba vya kufugia samaki ziwani. Hana hatimiliki, lakini baba anayo. Mzee anakubali, mama anatia sahihi, na benki inatoa shilingi milioni 2.5 za kulipwa kwa miaka mitano, karibu 62,000 kila mwezi. Mwaka mmoja na ushei mambo yako sawa. Kisha samaki wanakufa kwa kukosa hewa majini, jambo ambalo wafugaji wa upande huu wanalijua vizuri tangu vifo vya mwishoni mwa 2022. Malipo ya Desemba yanapita, ya Januari na ya Februari pia. Deni lililochelewa sasa ni kama 186,000.

Sahihi ya mama haikuwa ya kupamba fomu. Kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, rehani ya nyumba ambayo familia inaishi haina nguvu kama mwenzi hakutia sahihi au kutoa idhini. Kwa hiyo ukiona makaratasi ya zamani, angalia hapo kwanza.

Sasa barua. Sheria hiyo, kifungu cha 90, inasema benki ikisubiri mwezi mmoja bila kulipwa inaweza kutuma notisi. Notisi lazima iseme kosa ni lipi, ni pesa ngapi zinahitajika kulirekebisha, na impe mwenye nyumba muda usiopungua miezi mitatu. Lazima pia imwambie kwamba ana haki ya kwenda mahakamani kuomba nafuu. Barua inayosema tu "lipa deni lako lote mara moja" si notisi ya kifungu hicho, hata ikiwa na mhuri mkubwa namna gani.

Soma vizuri hapo kwenye "kulirekebisha". Katika hatua hii kinachotakiwa ni kuziba pengo. Ukilipa zile 186,000 na malipo mengine yaliyofika ndani ya miezi mitatu, mkopo unarudi kwenye reli. Familia nyingi hazilielewi hili. Zinaona jumla ya deni kwenye karatasi, zinakata tamaa, na miezi mitatu inaliwa na vikao vya ukoo.

Tuseme notisi ilimfikia mzee Machi 4. Juni 4 inapita, hakuna kilicholipwa. Sasa benki ina nguvu ya kuuza, lakini bado haiwezi kuuza kesho yake. Kifungu cha 96 kinaitaka itume barua ya pili, notisi ya kuuza, na kungoja angalau siku 40. Nakala huenda kwa watu wengine pia, akiwemo mwenzi wa mwenye nyumba, mpangaji na mdhamini. Barua hiyo ikifika Juni 10, siku 40 zinaisha Julai 20.

Barua ya tatu inaletwa na dalali, si benki. Kanuni za Madalali za 1997 zinamtaka afike kwenye nyumba, ampe mwenyewe au mtu mzima wa familia tangazo la mnada, na atoe siku 45 za kuikomboa. Akileta Julai 29, siku hizo zinaisha Septemba 12. Baada ya hapo anatangaza gazetini, na mnada hauwezi kufanyika kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza. Likitoka Septemba 16, nyundo haiwezi kupigwa kabla ya Septemba 30.

Hesabu: tangu notisi ya Machi ni karibu miezi saba. Muda si mchache. Shida ni kwamba bei ya kujiokoa imepanda njiani. Dalali hadai tena 186,000. Anadai kiasi kilichoandikwa kwenye barua aliyopewa na benki, ambacho kwa kawaida ni mkopo wote uliobaki na riba yake. Kwa familia yetu hiyo ni karibu milioni 2.3, na ada ya dalali juu yake.

Je, haki ya kukomboa inakufa lini? Wengi hudhani ni siku barua ya mwisho inapoisha muda. La hasha. Mzee anaweza kulipa deni lote na kurudishiwa hatimiliki hata asubuhi ya mnada. Mahakama za Kenya zimeshikilia kwamba haki hiyo inakatika pale mkataba halali wa kuuza unapofungwa, yaani nyundo ikishapigwa na mnunuzi akatia sahihi na kuweka amana. Ukija na pesa kesho yake, umechelewa, hata kama mnunuzi hajamaliza kulipa na jina lenu bado liko kwenye rejista ya ardhi.

Ndiyo maana mlango mzuri uko katikati, na hautumiki vya kutosha: kutafuta mnunuzi wenyewe na kuiomba benki ikubali. Nyumba yetu kwa soko la kawaida ni kama milioni 6. Mthamini akiandika thamani ya kuuza kwa haraka anaweka, tuseme, milioni 4.5. Ikienda mnadani kwa milioni 4.6 na deni na gharama zikawa milioni 2.5, zinabaki milioni 2.1. Hizo ni za mzee kwa mujibu wa sheria, kama hakuna mkopeshaji mwingine nyuma, na asione haya kuziulizia. Lakini wangeuza wenyewe kwa milioni 5.6, wangebaki na milioni 3.1.

Benki nayo ina wajibu wa kutafuta bei bora inayopatikana. Uthamini lazima ufanywe kabla ya mnada, na bei ya chini ya dalali itokane na ripoti isiyozidi miezi 12. Kama hakuna mthamini aliyefika nyumbani mwaka huo, uliza ripoti ilitoka wapi.

Mahakamani hoja inayobeba uzito ni notisi. Katika uamuzi wa mwaka 1996, chini ya sheria iliyotangulia hii, Mahakama ya Rufani ilisema mwenye nyumba akikana kupata notisi, ni kazi ya benki kuthibitisha kwamba ilitumwa. Hoja inayoanguka ni "hesabu ya deni si sahihi". Majaji hawasimamishi mnada kwa sababu tu mnabishana kuhusu kiasi. Lipa unachokubali, ugomvi wa kilichobaki uendelee.

Na nenda kabla ya nyundo, si baada. Kifungu cha 99 kinamlinda mnunuzi. Kama hakuhusika na udanganyifu, hata notisi ikiwa na kasoro, mara nyingi mzee atabaki kuidai benki fidia huku mtu mwingine akibadilisha kufuli.

Kwa hiyo leo jioni, kama nyumbani kwenu kuna rehani, panda juu ya lile kabati. Bahasha ziangalie tarehe, na usitupe karatasi ya posta.