Bibi wa Mia na Moja

Cookie Clicker ni gemu ya kwenye kivinjari iliyotolewa mwaka 2013 na Mfaransa Julien Thiennot, ambaye wachezaji wanamjua zaidi kwa jina la Orteil. Unabofya biskuti kubwa, unapata biskuti moja. Zikitosha unanunua bibi wa kukuokea, baadaye shamba, baadaye mgodi, na kuanzia hapo biskuti zinaingia zenyewe hata ukikaa umekunja mikono. Ukimsimulia mtu hivyo atashangaa watu wanakesha kwa lipi. Siri imo kwenye bei.

Bibi wa kwanza anauzwa biskuti 100, na anaoka biskuti moja kwa sekunde. Kila ukinunua mmoja, bei ya anayefuata inapanda kwa asilimia 15. Wa pili ni 115, wa tatu 133, wa nne 153. Penye desimali gemu inapandisha hadi namba kamili inayofuata. Nyongeza yenyewe haitishi. Lakini zidisha 1.15 kwa yenyewe hadi ziwe tano na utapata 2 na ushei, yaani kila baada ya bibi watano bei imekuwa maradufu. Wa 11 anakaribia 405. Wa 51 anapita 108,000. Wa 101 anafika milioni 117, na huyo naye, ukiweka kando maboresho yanayouzwa pembeni, anaoka biskuti ile ile moja kwa sekunde.

Wachezaji wazoefu hawaitazami bei peke yake. Wanaigawa kwa uzalishaji ili wajue kifaa kitarudisha gharama yake baada ya muda gani. Bibi wa kwanza anajilipa kwa sekunde 100. Wa 51 anahitaji saa 30, na wa 101 zaidi ya miaka mitatu na nusu. Shamba la kwanza ni biskuti 1,100 na linatoa 8 kwa sekunde, kwa hiyo linajilipa kwa sekunde 137 na nusu. Linganisha: bibi wa tatu, mwenye sekunde 133, bado analishinda shamba, wa nne, mwenye 153, ameshashindwa. Mtunzi hakuandika popote kwamba sasa acha bibi, nenda shambani. Bei inakua kwa kuzidisha, uzalishaji unakua kwa kujumlisha, na pengo kati yake ndilo linalomsukuma mchezaji kutoka kifaa hadi kifaa. Maboresho, ambayo mengi yanazidisha uzalishaji mara mbili, yanamrudisha bibi kwenye mashindano kwa muda, halafu ile asilimia 15 inamwacha tena.

Ukitaka kununua bibi kwa mkupuo, kompyuta haina haja ya kuzunguka ikijumlisha bei moja moja. Bei hizi ni mfululizo wa kijiometri, ule ule wa hesabu za sekondari, na jumla yake ina kanuni. Kwa bibi kumi wa mwanzo kanuni inatoa kama 2,030. Ukijumlisha bei halisi za kwenye skrini unapata 2,035, kwa sababu ya zile desimali zilizopandishwa. Kanuni hiyo ikigeuzwa kwa logi, inajibu swali la pili: nikiwa na biskuti `C`, naweza kununua wangapi?

```
n = Math.floor(Math.log(1 + C * 0.15 / bei) / Math.log(1.15))
```

Weka 5,000 kwenye `C` na 100 kwenye `bei`, utapata 15. Hao wanagharimu takriban 4,760. Ungetaka na wa 16 ungehitaji zaidi ya 5,570.

Kwa vile bei zinapanda namna hiyo, namba za gemu hizi hazichelewi kupita bilioni na trilioni, na hapo kompyuta yenyewe inaanza kuchoka. Namba ya kawaida ya JavaScript ina biti 64, na 53 tu ndizo zinazobeba tarakimu. Hadi 9,007,199,254,740,992 kila namba nzima inahesabika sawasawa. Ongeza moja hapo uone: jibu ni lile lile. Kwenye biskuti 10^17, namba zinazoweza kuandikwa zinaachana kwa 16, kwa hiyo ukijumlisha moja, hata tano, zinapotea bila kelele wala onyo. Kwa mchezaji hilo si msiba, maana mwenye biskuti 10^17 hajali tano. Ubaya unampata mtunzi anayeongeza mapato kidogo kidogo, mara 30 kwa sekunde: kila tone linamezwa, na akiba inaganda huku bibi wanaonekana wakioka.

Ukuta wa pili uko karibu na 1.8 × 10^308. Ukiuvuka, skrini inaandika `Infinity`. Ukitoa `Infinity` kwenye `Infinity` unapata `NaN`, na `NaN` ikiingia kwenye akiba kila hesabu inayoigusa nayo inakuwa `NaN`. Ikihifadhiwa hivyo, gemu ya mchezaji imekwisha. Dawa ni kuiweka namba vipande viwili, tarakimu za mbele na kipeo cha kumi. Kuzidisha kunakuwa rahisi: 3 × 10^500 mara 4 × 10^200 ni 12 × 10^700, unaisogeza iwe 1.2 × 10^701. Kwenye kujumlisha, vipeo vikiachana kwa zaidi ya 17 ile ndogo inaachwa tu, kwani isingeonekana. Antimatter Dimensions, ambayo kwangu ndiyo yenye akili kuliko zote za jamii hii, imeugeuza ukuta wenyewe kuwa hatua ya mchezo: ukifika 1.8 × 10^308 unaanza upya ukiwa na nguvu mpya.

Sasa mchezaji anafunga gemu na kwenda kulala saa nane. Hakuna kilichobaki kikihesabu. Gemu ilihifadhi saa ya kuondoka, na ukirudi inatoa saa hiyo kwenye saa ya sasa, inapata sekunde 28,800, inazidisha. Biskuti 40 kwa sekunde zinakuwa 1,152,000.

Hesabu hiyo inavunjika pale kifaa kinapozalisha vifaa vingine, na Antimatter Dimensions imejengwa hivyo hasa. Tuseme una mashine kumi za daraja la pili, kila moja ikitengeneza mashine moja ya daraja la kwanza kwa sekunde, na kila ya daraja la kwanza inatoa kitu kimoja kwa sekunde. Ulipoondoka, za daraja la kwanza zilikuwa sifuri. Ukizidisha kijinga unapata sifuri. Jibu sahihi ni 10 × t² ÷ 2, yaani zaidi ya bilioni 4.1. Madaraja yakiwa mengi, na kukawa na vinunuzi vinavyojiendesha, kanuni safi haipatikani tena. Gemu inaukata usiku mzima vipande, tuseme elfu moja, na kuupitisha haraka haraka. Katika mfano wetu vipande elfu vinapunguza jibu kwa asilimia 0.1 tu.

Kuna wanaosogeza mbele saa ya simu ili wavune usiku ambao haujafika. Wakiirudisha, tofauti inakuwa hasi, na gemu isiyo na kinga inaweza kuwanyang'anya walichonacho. Kinga ya kwanza ni kuigeuza hasi kuwa sifuri, ya pili ni kuweka kikomo cha muda. Cookie Clicker ina njia ya ubahili zaidi. Kwanza ni lazima ununue boresho linaloruhusu uzalishaji gemu ikiwa imefungwa, na boresho hilo la mwanzo linakupa asilimia 5 ya kasi yako kwa saa moja, kisha asilimia 0.5 kwa muda unaobaki. Yule wa biskuti 40 kwa sekunde akilala saa nane anaamka na 12,240.