Majawabu Mawili, au Moja Lenye Sura Mbili?

Chukua uzito ulioning'inizwa kwenye springi, uvute kidogo chini, uachie. Mlinganyo wa mwendo wake, kwa springi yenye ugumu fulani, ni y″ + 4y = 0. Hapa y ni umbali wa uzito kutoka pale unapotulia, y′ ni kasi yake, na y″ ni jinsi kasi hiyo inavyobadilika. Mwanafunzi anaambiwa atafute majawabu mawili. Akijibu cos 2t na sin 2t, amemaliza kazi. Lakini darasani hakosekani wa kujibu sin 2t na sin t cos t, naye ana hoja, kwa sababu ukiyaweka yote mawili ndani ya mlinganyo, yote yanatoa sifuri kama inavyotakiwa.

Tatizo ni kwamba sin t cos t ni nusu ya sin 2t, basi. Amepeleka jawabu lile lile mara mbili. Hasara yake inaonekana mara tu unapotaka kulitumia. Mwenye majawabu mawili yasiyotegemeana hupata mwendo wowote wa springi kwa kulizidisha la kwanza kwa namba fulani, la pili kwa namba nyingine, kisha kujumlisha. Mwanafunzi wetu hawezi. Majawabu yake yote mawili ni sifuri wakati t ni 0, kwa hiyo hata azidishe kwa namba gani, hatapata mwendo wa uzito uliovutwa sentimita 5 na kuachiwa. Uzito huo unaanzia sentimita 5, hauanzii sifuri.

Hapa anayeijua trigonometria ameshaugundua undugu huo. Pengine majawabu ni marefu na undugu wake haujitokezi, na ndipo inapofaa hesabu moja fupi iitwayo Wronskiani. Unachukua jawabu la kwanza unalizidisha kwa kasi ya la pili, kisha unatoa kasi ya la kwanza mara jawabu la pili:

W = y₁y₂′ − y₁′y₂

Tuijaribu pale t = 0. Hapo sin 2t ni 0 na kasi yake ni 2, na sin t cos t ni 0 na kasi yake ni 1. W ni 0 × 1 − 2 × 0, yaani sifuri. Tukianza na cos 2t, ambayo hapo ni 1 na kasi yake ni 0, kisha sin 2t, W inakuwa 1 × 2 − 0 × 0, yaani 2. Jozi ya kwanza inategemeana, ya pili haitegemeani.

Msomaji makini atauliza: tumepima mahali pamoja tu, pale t = 0. Tunapata wapi haki ya kutoa hukumu juu ya nyakati zote? Haki hiyo haitoki kwenye Wronskiani. Inatoka kwenye nadharia ya uwepo na upekee. Nadharia hiyo inasema kwamba, kwa mlinganyo wa aina hii, ukitaja mahali uzito ulipo na kasi yake kwa wakati mmoja, basi kuna mwendo unaoanza hivyo, na ni mmoja tu.

Tuone inavyofanya kazi. Tuseme Wronskiani imetoka sifuri pale t = 0. Maana yake ni kwamba zipo namba a na b, zisizo sifuri zote mbili, ambazo zinafanya ay₁ + by₂ ianze hapo ikiwa na umbali sifuri na kasi sifuri. Mchanganyiko huo nao ni jawabu la mlinganyo, kwa kuwa mlinganyo ni wa mstari. Lakini springi iliyotulia tuli, y = 0 siku zote, nayo ni jawabu, na inaanza vile vile. Upekee hauruhusu miendo miwili kutoka mwanzo mmoja, kwa hiyo mchanganyiko wetu lazima uwe sifuri daima, na jawabu moja linakuwa zidisho la jingine. Sifuri ya mahali pamoja imeenea kote kwa nguvu ya upekee.

Ondoa nadharia hiyo, uone kipimo kinavyopotoka. Mfano ninaoupenda ni huu:

t²y″ − 4ty′ + 6y = 0

Jaribu t³. Kasi yake ni 3t² na badiliko la kasi ni 6t, kwa hiyo tunapata 6t³ − 12t³ + 6t³, sifuri. Kwa njia hiyo hiyo t² nayo inakubali. Inakubali pia |t|³, yaani t iliyovuliwa alama ya hasi kabla ya kuzidishwa yenyewe mara tatu. Sasa pima t³ na |t|³ pale t = −2. Ya kwanza ni −8 na kasi yake ni 12. Ya pili ni 8 na kasi yake ni −12. W ni 96 − 96, sifuri. Pima pale t = 2, au popote utakapo, ni sifuri tu. Je, zinategemeana? Kama a × t³ + b × |t|³ ni sifuri daima, basi t = 2 inadai a + b = 0, na t = −2 inadai b = a. Namba pekee zinazotimiza yote mawili ni sifuri na sifuri. Hazitegemeani, na Wronskiani imetudanganya kwenye mstari mzima.

Ukiijumlisha t², una majawabu matatu yasiyotegemeana kwenye mlinganyo unaostahili mawili tu. Chanzo kinaonekana ukigawanya kwa t² ili y″ isimame peke yake, kama nadharia inavyotaka: vizidishi vinakuwa −4/t na 6/t², na vyote viwili vinalipuka pale t = 0. Nadharia inahitaji vizidishi visivyokatika. Hapo kwenye sifuri upekee umekufa, kwa maana t², t³, |t|³ na hata y = 0 zote zinaanza na thamani sifuri na kasi sifuri. Uwepo nao umekufa: ukitaka y iwe 1 pale t = 0, mlinganyo unabaki 6 = 0.

Ipo dalili ya mapema ya ugonjwa huu. Wronskiani ya t² na t³ ni t⁴, sifuri mahali pamoja na si sifuri kwingineko. Majawabu ya mlinganyo ambao vizidishi vyake ni vizima hayawezi kufanya hivyo. Mnorwe Niels Henrik Abel alionyesha kwamba W′ = −pW, ambapo p ni kizidishi cha y′, na kutokana na hilo W ama ni sifuri kote ama si sifuri popote. Ukiona mchanganyiko wa hayo mawili, kagua vizidishi, au kagua kama ulichopewa ni majawabu kweli.

Hoene-Wroński, Mpoland aliyeishi Ufaransa, alileta hesabu hii mwaka 1812. Jina la Wronskiani lilitolewa na Thomas Muir mwaka 1882. Kwa muda mrefu vitabu viliandika kwamba Wronskiani ya sifuri kote inatosha kuthibitisha utegemezi, hadi Mwitaliano Giuseppe Peano alipotoa mfano wa kupinga mwaka 1889, wa t² na t|t|. Mfano wetu wa |t|³ ni wa ukoo huo.

Ndiyo maana swali la mtihani lililoandikwa vizuri huongeza maneno mafupi mwishoni mwa mlinganyo kama huu: "kwa t > 0". Hapo sifuri imeachwa nje, vizidishi havikatiki, |t|³ haina tofauti yoyote na t³, na W ya t² na t³, yaani t⁴, haigusi sifuri popote. Majawabu yanarudi kuwa mawili, na kila jingine ni c₁t² + c₂t³.