Kabla hujatuma, upitie wasifu wako kwa kalamu nyekundu

Mara mbili kwa mwaka Tume ya Ulaya hapa Brussels huchukua vijana kwa mafunzo ya kazi ya miezi mitano. Kundi moja huanza tarehe 1 Machi, jengine tarehe 1 Oktoba. Mpango huu unaitwa Blue Book, na wengi Ghuba hawajui kuwa hata asiye raia wa Ulaya anaweza kuomba, ingawa nafasi zake ni chache. Anatakiwa awe amemaliza shahada ya kwanza na ajue vizuri sana lugha moja kati ya Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani.

Mtoto wa ndugu yangu aliyeko Muscat aliamua kujaribu. Mimi nipo hapa kwa mwanangu, na nimesomesha skuli ya sekondari ya misheni mpaka nikastaafu, kwa hiyo aliniletea wasifu wake aliouandika kwenye Europass. Huu ni mtandao wa Umoja wa Ulaya wa kuandikia wasifu, uliotengenezwa upya mwaka 2020, na mtu yeyote anaujaza bure. "Ami, nitazamie tu kama Kiingereza kimekaa sawa," akaniambia. Kiingereza kilikaa sawa. Kasoro zilikuwa penginepo, na nimemuomba ruhusa niwaeleze, maana wasifu wa vijana wetu wengi una kasoro hizo hizo.

Kwanza mjue nani anausoma. Mwombaji hujaza fomu ya mtandaoni na kuambatanisha karatasi zake za ushahidi. Wanaosahihisha hawamjui, na hawampigii simu kumuuliza alikuwa na maana gani. Wanaopita huingizwa kwenye orodha ya kompyuta, halafu idara za Tume huitafuta orodha hiyo kuokota watu wanaowafaa. Kuingia kwenye orodha si kuchukuliwa. Kwa hivyo kila mstari lazima ujieleze wenyewe, na neno ambalo idara inalitafuta lazima liwemo.

Niliuchapa wasifu kwenye karatasi, nikakaa nao kwa kalamu nyekundu kama daftari la mwanafunzi. Pembeni ya kila mstari nilitia herufi moja. F ni fumbo: ukiusoma unabaki na suali. D ni dhaifu: jambo ni kweli, lakini hakuna karatasi ya kulithibitisha, au limeelezwa chini ya thamani yake. K ni kuukuu: lilikuwa kweli zamani, leo si kweli tena. Mstari usio na herufi umepita. Kurasa zake zilikuwa mbili, na nilipomaliza zilikuwa nyekundu kama za mtihani wa hesabu.

Kuukuu ndiyo rahisi kuiona, basi anzeni nayo. Alipokuwa chuoni alijitolea kufundisha watoto kompyuta. Aliacha mwaka 2022, lakini kile kisanduku kinachosema kazi bado inaendelea alikuwa hajakifuta. Kwa hiyo msomaji anaona msichana anafundisha watoto Muscat, na wakati huo huo anafanya kazi bandarini Sohar, safari ya zaidi ya saa mbili kwa gari. Hakudanganya, amesahau tu, lakini msahihishaji hana namna ya kujua. Cheti chake cha Kiingereza cha IELTS nacho kilikuwa na zaidi ya miaka miwili, na matokeo ya mtihani ule huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili. Diploma ya Kifaransa ya DELF haifi, ukiipata umeipata. Basi usivichukulie vyeti vyote sawa, tazama kila kimoja na tarehe yake. Tukapata njia: masomo yake ya shahada yalikuwa kwa Kiingereza, akaomba barua ya chuo inayosema hivyo, na papo hapo akaandikisha mtihani mpya asije akakwama.

Na faili la PDF ulilolipakua mwaka jana halijibadilishi. Ukirekebisha wasifu mtandaoni, tengeneza faili jipya, la zamani lifute kwenye simu kabisa. Nimeona mtu katengeneza vizuri kisha kapeleka la kale.

Kuna jambo la majina ambalo ni letu sisi hasa. Familia zilizotoka Zanzibar au Mombasa zina majina yaliyoandikwa kwa khati za nchi mbili. Cheti cha kuzaliwa cha baba kinasema Seif Nassor, paspoti ya Oman inasema Saif Nasser, na cheti cha chuo kimeongeza jina la kabila mwishoni. Kwetu huyo ni mtu mmoja, anajulikana mtaa mzima. Kwa msahihishaji wa Brussels huenda wakawa wawili. Kwenye wasifu tumia jina kama lilivyo kwenye paspoti, herufi kwa herufi. Karatasi yenye tahajia nyengine iambatanishe na barua ya chuo au ya ofisi iliyoitoa, yenye majina yote mawili. Barua hiyo huchukua muda, haiombwi wiki ya mwisho.

Sasa fumbo. Chini ya kazi yake kwa wakala mmoja wa meli bandarini Sohar aliandika: "Nilihusika na shughuli mbalimbali za ofisi, 2023–2024." Nikampigia simu. Nikamuuliza, mwanangu, umehusika vipi? Umefagia? Umesaini hundi? Akacheka. Kumbe kazi ilikuwa kubwa: alikuwa akisoma barua za wateja kwa Kiarabu na kumfupishia meneja kwa Kiingereza, kama ishirini kwa wiki, na akipiga simu kwa wenye majahazi na wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Mombasa mzigo ukichelewa. Alianza Septemba 2023, akatoka Februari 2024.

Hapo kuna mafumbo mawili. La kwanza ni lile neno "mbalimbali". Lolote liwezalo kuandikwa na karani wa ofisi yoyote duniani halimwambii msomaji kitu juu yako. La pili limejificha kwenye tarehe. "2023–2024" yaweza kuwa miaka miwili kamili, na yaweza kuwa Disemba na Januari tu. Anayekadiria uzoefu kwa miezi hana cha kuhesabu. Andika mwezi na mwaka, mwanzo na mwisho. Mstari ukawa hivi: "Septemba 2023 hadi Februari 2024: nilifupisha barua za wateja kutoka Kiarabu kwenda Kiingereza, kiasi cha 20 kwa wiki, na kufuatilia mizigo iliyochelewa kwa simu na wafanyabiashara wa Tanzania na Kenya kwa Kiswahili." Ni mrefu zaidi, lakini hauna suali. Na kila kilichomo meneja wake wa zamani anaweza kukitilia saini, ndicho kipimo changu. Ambacho hakuna mtu wa kukitilia saini nilikikata, ikiwemo ile "mchapakazi mwenye ari" aliyoiweka juu kabisa.

Shahada nayo ilikuwa na fumbo dogo. Aliandika alama 3.1 bila kusema ni kati ya ngapi. Huku Ulaya kila nchi ina mizani yake. Vyuo vya Ubelgiji huhesabu kwa 20, na 3 kati ya 20 ni kuanguka vibaya. Andika "3.1 kati ya 4". Pale Europass inapouliza ngazi ya EQF, shahada ya kwanza ni 6, ya uzamili ni 7.

Nimebakisha lugha, maana hapa ndipo nilipokasirika kidogo. Chini ya lugha ya mama kaandika Kiarabu. Lugha nyengine, Kiingereza. Kwisha. Msichana huyu bibi yake hakumsemesha Kiarabu siku moja, nyumbani ugomvi, maombi ya chai, misiba, yote ni Kiswahili. Nikamuuliza, Kiswahili umekitupa wapi? Akajibu: "Ami, kile cha nyumbani tu, sikudhani kinahesabiwa."

Kinahesabiwa. Umoja wa Ulaya na Kenya walitia saini mkataba wa biashara tarehe 18 Disemba 2023, ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2024, na Umoja una ofisi zake za uwakilishi Nairobi na Dar es Salaam. Wanaoshughulika na upande ule wa dunia wapo majengo ya hapa Brussels. Wahitimu wa biashara wenye Kiingereza kizuri ni wengi mno. Wenye biashara, Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili pamoja, wangapi? Na kompyuta haiwezi kumpata kwa neno ambalo hakuliandika. Huu ndio udhaifu ninaouogopa zaidi, kwa sababu ukisoma karatasi huuoni. Kwa hiyo ukimaliza kukagua yaliyoandikwa, mpe ndugu anayekujua akutajie yasiyoandikwa.

Lakini pia asizidishe. Nilimkataza kuandika "fasaha". Europass ina jadweli la vipengele vitano kwa kila lugha ya kujifunza: kusikiliza, kusoma, mazungumzo, kueleza peke yako, na kuandika, kila kimoja kwa daraja kutoka A1 hadi C2. Vijana wengi wa Muscat na Dubai wanasikia kila kitu na kuzungumza bila kigugumizi, lakini hawajawahi kuandika barua ya Kiswahili. Tukampima. Nilimpa habari moja ya gazeti aisome na kunieleza, kisha aniandikie ukurasa mmoja juu ya bandari. Kusoma alienda vizuri, penye lugha ya kiserikali akikwama kidogo. Kuandika kulikuwa na makosa ya tahajia kila mstari wa tatu, lakini maana ilifika. Tukajaza: kusikiliza na mazungumzo C1, kueleza C1, kusoma B2, kuandika B1. Ile B1 aliona haya nayo. Mimi nilimwambia ndiyo inayofanya zile C1 ziaminike, kwa sababu mtu anayejipa daraja moja sare kila kisanduku huonekana hakujipima.

Kazi yote ilituchukua jioni nne kwenye simu, na nyingi ya hizo zilipita kusubiri barua za chuo. Fomu ikishatumwa hairekebishwi, kwa hiyo siku ya mwisho tuliisoma tena, mimi nikisoma kwa sauti na yeye ameshika karatasi zake za ushahidi, mstari kwa karatasi. Muda wa kufunga huandikwa kwa saa za Brussels: Muscat iko mbele kwa saa 3 majira ya baridi na saa 2 majira ya joto. Yeye alituma siku sita kabla. Bado tunasubiri jibu, na mtihani mpya wa Kiingereza ni Jumamosi.